Kutengwa kwa Mfanyakazi na Uhirizi wa Bidhaa: Uhakiki wa Kosa Moja la Nadharia

Katika insha za nadharia ya jamii zinazoandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, na vilevile katika madaftari ya makada wanaohudhuria kozi za itikadi, limo kosa moja linalojirudia mara kwa mara. Mwanafunzi anaulizwa aeleze tofauti kati ya kutengwa kwa mfanyakazi na uhirizi wa bidhaa kama dhana hizo zilivyoelezwa na Karl Marx. Anaanza vizuri, anaeleza jinsi kibarua anavyonyang'anywa matunda ya jasho lake, kisha anaandika sentensi ya namna hii: "Kutokana na kutengwa huko watu huanza kuabudu bidhaa, na hali hii ndiyo inayoitwa uhirizi wa bidhaa." Baada ya hapo insha hugeuka kuwa hotuba dhidi ya anasa: magari, mavazi ya fahari na tamaa ya vitu vya madukani. Mwalimu aliyechoka huipa alama za kupita, na kosa huendelea kuishi.

Sentensi hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni kufanya dhana moja kuwa jina jingine la dhana nyenzake, au tokeo lake la moja kwa moja. La pili ni kuufanya uhirizi wa bidhaa kuwa tabia mbaya ya mnunuzi, jambo la moyo na tamaa. Makala hii inakusudia kuyachambua makosa hayo kwa kutumia kazi ambazo msomaji anazijua, yaani pamba, kahawa na mkonge, kwa sababu tofauti inayotafutwa huonekana upesi zaidi shambani kuliko katika kamusi.

1. Maswali mawili, si swali moja

Dhana ya kutengwa imeelezwa kwa urefu katika miswada ambayo Marx aliiandika mjini Paris mwaka 1844, akiwa kijana wa miaka 26. Miswada hiyo haikuchapishwa uhai wake. Ilitolewa kwa ukamilifu mwaka 1932. Swali analouliza humo ni hili: mfanyakazi anapofanya kazi kwa ajili ya mwenye mali, kuna uhusiano gani kati yake na kazi hiyo? Jibu lake lina pande nne. Kwanza, mfanyakazi ametengwa na kitu alichokizalisha, kwa maana kitu hicho ni mali ya mwingine na kinamrudia kama nguvu ya kumkandamiza. Pili, ametengwa na tendo lenyewe la kufanya kazi, kwani hafanyi kwa hiari bali kwa kulazimika, na hujiona yu huru pale tu anapotoka kazini. Tatu, ametengwa na utu wake, kwa kuwa uwezo wa kuzalisha kwa fikira na kwa ubunifu, ambao ndio unaomtofautisha binadamu na mnyama, umegeuzwa kuwa njia ya kupatia chakula tu. Nne, ametengwa na binadamu wenzake. Katika pande zote nne anayezungumzwa ni mtu: amepoteza nini, na nani amekichukua.

Uhirizi wa bidhaa unaelezwa katika kitabu cha Mtaji, juzuu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1867. Na katika chapa ya pili ya miaka ya 1872 na 1873 jambo hili lilipewa sehemu yake yenyewe mwishoni mwa sura ya kwanza. Hapa swali ni jingine kabisa. Marx anauliza: kwa nini katika jamii ya wazalishaji wa bidhaa uhusiano kati ya watu hujitokeza kama uhusiano kati ya vitu? Kwa nini kazi ya mtu haisemi "nilifanya kazi kwa saa kadhaa", bali mzigo wenyewe ndio unaosema "nina thamani kadhaa", kana kwamba thamani imo ndani ya mzigo kama utamu ulivyo ndani ya muwa?

Uko ushahidi mmoja wa wazi ambao wanafunzi wengi huupita bila kuuona. Katika sura ile ya kwanza bado hajaingia bepari wala kibarua. Kununuliwa na kuuzwa kwa nguvukazi kunaletwa katika sehemu ya pili ya kitabu. Watu wanaozungumzwa katika sura ya kwanza ni wazalishaji wanaojitegemea, kila mmoja na kazi yake ya binafsi, wanaokutana sokoni tu. Ikiwa Marx aliweza kuueleza uhirizi wa bidhaa bila ya kumtaja mwajiri, basi haiwezekani uhirizi huo uwe ni jina jingine la hali ya kibarua mbele ya mwajiri wake. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja, nusu ya insha yake imekwisha kunyooka.

2. Juu ya neno lenyewe

Neno ambalo Marx alilitumia lina historia inayotuhusu Waafrika. Lilitokana na Kireno, na wafanyabiashara wa Kireno walilitumia katika pwani ya Afrika Magharibi kuviita vitu vya dawa na ibada walivyovikuta huko. Mwaka 1760 mwandishi wa Kifaransa, Charles de Brosses, alilifanya kuwa jina la dini zote alizoziona ni za "washenzi", na Marx alikisoma kitabu hicho mwaka 1842. Miaka ishirini na mitano baadaye alilichukua neno hilo na kulielekeza kwa Ulaya yenyewe: ninyi mnaowacheka wengine kwa kukipa kitu uwezo wa kutawala watu, tazameni soko lenu.

Katika Kiswahili tafsiri ya "kuabudu bidhaa" imeleta hasara, maana anayesikia "kuabudu" hufikiri mara moja juu ya kupenda mno. Kwa sababu hiyo hapa tunatumia neno hirizi. Mwenye hirizi si lazima aipende. Jambo la maana ni kwamba nguvu inaonekana kuwa imo ndani ya kitu, ilhali imetoka kwa watu: kwa aliyeiandika, kwa aliyeifunga, na kwa jamii inayoikubali. Ndivyo ilivyo bidhaa. Mkulima anaweza kuichukia kahawa yake, asiionje hata siku moja, na bado akawa chini ya uhirizi wake.

Hata hivyo mfano wa hirizi una mpaka wake, na mpaka huu unapaswa kuandikwa katika insha. Asiyeamini hirizi anaweza kuivua akaitupa. Bidhaa haivuliki. Katika jamii ambamo watu huzalisha kila mmoja peke yake kwa ajili ya soko, hakuna njia nyingine ya kazi ya mmoja kupimwa na kazi ya mwingine isipokuwa kwa kupitia vitu vinavyobadilishwa. Kwa hiyo uhirizi wa bidhaa si ndoto ya wajinga. Marx mwenyewe anaeleza kuwa kugundua siri ya thamani hakuiondoi sura yake, kama vile wanasayansi walivyogundua gesi zilizomo hewani na hewa ikabaki ilivyo. Anayeandika kwamba uhirizi ni "imani potofu itakayokwisha watu wakielimishwa" ameshaipoteza dhana.

3. Tujaribu kwa mifano mitatu

Njia iliyo bora ya kuthibitisha kwamba dhana mbili si moja ni kuonyesha kuwa moja inaweza kuwapo kwa nguvu mahali ambapo nyingine haipo, au imefifia sana. Historia yetu inatoa mifano hiyo.

Mfano wa kwanza ni pamba ya kulazimishwa. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha katika sehemu za kusini na mashariki mwa Tanganyika mashamba ya pamba, ambayo wanavijiji walilazimishwa kuyalima chini ya majumbe na maakida. Hapa kutengwa kulikuwa kukubwa. Zao halikuwa la mlimaji. Kazi haikuwa ya hiari, tena ilimwondoa katika shamba lake la chakula. Na aliyesimama juu yake alikuwa mtu aliyeshika kiboko. Lakini uhirizi wa bidhaa ulikuwa wapi? Hakuna aliyedhani kwamba pamba ndiyo iliyomwamuru. Kila mtu alijua ni siku ngapi zimechukuliwa, na nani amezichukua. Marx anatoa mfano wa namna hii anapomtaja mtwana wa Ulaya ya zama za kati: mtwana alijua vema kuwa siku anazotumika kwa bwana ni sehemu ya nguvu zake mwenyewe. Mwezi Julai mwaka 1905 watu wa milima ya Umatumbi waliing'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Waliing'oa kwa sababu walimwona mtawala nyuma ya mmea. Watu hao waliitumaini dawa ya maji, na mkoloni aliwaita washirikina. Lakini kuhusu pamba macho yao yalikuwa wazi kuliko ya mchumi wa soko la Liverpool.

Mfano wa pili ni kahawa ya Kilimanjaro. Mkulima mdogo ana kihamba alichorithi, mibuni yake imepandwa kati ya migomba, jembe ni lake, na kazi anaipanga mwenyewe pamoja na watu wa nyumbani mwake. Hana msimamizi. Anachuma, anamenya, anaosha na kuanika kwa mikono yake. Kwa kipimo cha zile pande nne za mwaka 1844, huyu si sawa na kibarua: zao ni lake mpaka analiuza, na tendo la kazi halikuamriwa na mtu. Sasa tumtazame sokoni. Mwezi Julai mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1977 bei ya dunia ikapanda kupita kiasi kilichowahi kuonekana. Mwezi Julai mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana mafungu ya kahawa yalivunjika, na katika miezi michache bei ikaanguka kwa karibu nusu. Katika nyakati zote hizo mkulima alipogoa vilevile, alichuma vilevile, saa zake zilikuwa zilezile. Alisema nini? "Kahawa imepanda." "Kahawa imeanguka." Kahawa ndiyo inayotenda, na yeye ndiye anayetendewa.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana bei si thamani, na kupanda na kushuka kwa bei kwenyewe si uhirizi. Ni dalili inayotuwezesha kuuona. Jambo lenyewe liko chini zaidi. Mkulima wa Kilimanjaro hajaonana na mkulima wa Brazil, hawajakaa katika mkutano mmoja kukubaliana ni kahawa kiasi gani ilimwe, wala hawajui kwamba wanafanya kazi ya pamoja kwa ajili ya wanywaji walewale. Hata hivyo saa zao zinapimana. Shamba kubwa la Brazil likianza kuchuma kwa mashine, muda wa kazi unaohitajika kwa kawaida ili kuipata kilo moja unapungua, na saa ya mtu wa Kilimanjaro inapungua uzito bila ya yeye kuambiwa. Huo ni uhusiano wa watu na watu. Lakini haumfikii kama habari za watu. Unamfikia kama tabia ya gunia. Huo ndio uhirizi wa bidhaa, na umemkuta mtu mwenye jembe lake, katika shamba lake, bila mwajiri.

Mfano wa tatu ni mkonge, ambamo yote mawili yamekutana. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na miaka sabini baadaye Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Mkataji anakata majani, anaondoa miiba, anayafunga mizigo ya majani thelathini thelathini, na anapewa kipande cha siku kwa hesabu ya mizigo. Majani yanapelekwa korona, ambako nyuzi zinazotoka ni kama asilimia nne tu ya uzito wa jani. Nyuzi zinakwenda ng'ambo kuwa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo. Mkataji hana ardhi, hana korona, hana nyuzi, na mwendo wa mkono wake umewekwa na kipande. Huku ndiko kutengwa. Lakini tangu katikati ya miaka ya 1960, kamba za plastiki zilipoanza kulichukua soko, bei ya mkonge ilianguka na watu wengi wakapunguzwa kazini. Kauli iliyosikika mashambani haikuwa "mwenye shamba ametufukuza", bali "mkonge umeanguka". Uamuzi wa watu kuhusu maisha ya watu wengine ulivaa vazi la kitu. Huo ndio uhirizi, nao umefunika kutengwa kama nyasi zinavyofunika shimo. Tofauti na pamba ya mwaka 1905, mkataji hakumwona tena mtu nyuma ya mmea.

4. Pingamizi na jibu lake

Mwanafunzi hodari ataleta pingamizi hapa, na ni vizuri alilete. Atasema: je, mkulima wa kahawa naye hakutengwa? Analima kitu asichokunywa, kwa ajili ya mtu asiyemjua, na fedha ndiyo inayomtawala. Tena, mwaka uleule wa 1844, katika maelezo yake juu ya kitabu cha James Mill, Marx alisema kuwa kubadilishana na fedha ni namna ya kutengwa.

Pingamizi hili ni la haki, na linatuonya tusichore mstari wa kalamu ya risasi kati ya dhana hizi tukadhani ni ukuta wa mawe. Jibu ni kwamba kutengwa kuna maana pana na maana finyu. Kwa maana pana, mahali popote ambapo mazao ya watu yanawatawala watu, pana kutengwa. Na kwa maana hiyo uhirizi wa bidhaa ni namna mojawapo ya hali hiyo. Kwa maana finyu, ile ya pande nne, kutengwa ni hali ya mfanyakazi mbele ya mwenye mali. Mwandishi wa insha ana ruhusa ya kuchagua, lakini aseme tangu aya ya kwanza anatumia maana ipi, na asiibadilishe njiani. Hata akichagua maana pana, tofauti inabaki: kutengwa kunaeleza kilichompata mtu, na uhirizi unaeleza sura ambayo uhusiano wa watu unaivaa, na kwa nini sura hiyo inauficha uhusiano wenyewe.

Wanazuoni wamegawanyika juu ya uzi unaoziunganisha. György Lukács, katika kitabu chake cha mwaka 1923, aliuanza uchambuzi wake na uhirizi wa bidhaa na kufika karibu na mawazo ya miswada ya Paris, ambayo wakati huo ilikuwa haijachapishwa. Kwake dhana hizi ni mto mmoja. Louis Althusser, katika maandishi yake ya mwaka 1965, alidai kwamba Marx wa 1844 alikuwa bado mwanafalsafa wa utu, na kwamba Marx wa Mtaji aliiacha njia hiyo. Lakini miswada ya miaka ya 1857 na 1858 inamwelemea Althusser, kwa kuwa lugha ya kutengwa imo humo tele, miaka kumi tu kabla ya Mtaji. Kwa maoni yetu ni sahihi zaidi kusema kuwa Marx hakuiacha dhana ya kutengwa, bali aliibadilishia msingi: badala ya kuanza na utu uliopotea, alianza na namna kazi inavyogawanywa katika jamii. Mwanafunzi asiyekubali maoni haya na ayapinge kwa hoja; ila asiwataje Lukács na Althusser katika sentensi moja kana kwamba walisema jambo lile lile.

5. Kwa nini kosa hili si dogo

Mtu anaweza kudhani kuwa haya ni mabishano ya madarasani. Sivyo, maana kila dhana inaleta swali lake kuhusu dawa.

Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Tukiichambua hatua hiyo kwa dhana ya kutengwa, tunauliza: je, mkataji amepata sauti juu ya kipande, juu ya mwendo wa kazi, juu ya matumizi ya ziada inayopatikana? Jina la mwenye shamba linaweza kubadilika na hesabu ya mizigo ikabaki vilevile. Tukiichambua kwa dhana ya uhirizi, tunauliza jambo jingine: je, mkonge umeacha kuwa bidhaa katika soko la dunia? Haukuacha, na haukuweza kuacha kwa amri ya nchi moja. Hata kama wakataji wangeliongoza shamba wenyewe kwa kura, bei ya kamba za plastiki ingaliendelea kuwajia kama mvua au ukame. Vilevile ushirika wa wakulima unaweza kumwondoa mlanguzi aliye kati bila kuugusa uhirizi hata kidogo, kwa kuwa ushirika nao unauza bidhaa. Aliyechanganya dhana hizi mbili ataahidi kwa hatua moja mambo ambayo hatua hiyo haiwezi kuyatoa, na ahadi isipotimia atawalaumu wafanyakazi kuwa ni wavivu, au wananchi kuwa wana tamaa.

Ndiyo sababu tunasema ile hotuba dhidi ya anasa inapotosha. Inaupeleka mjadala kwa mnunuzi, wakati jambo lenyewe liko katika uzalishaji. Mtu aliyevaa kaniki na mtu aliyevaa hariri, wote wawili wakiishi kwa kununua na kuuza, wako chini ya uhirizi ule ule.

Kwa anayetaka kuipima insha yake kabla ya kuikabidhi, maswali matatu yanatosha. Je, hoja yake juu ya uhirizi ingesimama hata kama hakuna mwajiri? Isiposimama, amekwisha kuuita uhirizi kutengwa. Je, hoja yake juu ya kutengwa ingesimama hata kama hakuna soko, kama katika shamba la akida? Isiposimama, amekosea kwa upande wa pili. Na je, neno "tamaa" linaweza kufutwa katika insha nzima bila hoja kuanguka? Likifutwa na hoja ikaanguka, basi alichoandika ni mahubiri, na kazi ya nadharia bado hajaianza.